Siku moja maishani mwangu: fundi wa kompyuta Mombasa na picha iliyokatwa nusu

Saa moja na nusu asubuhi. Simu inaamka kabla ya ofisi za mjini, na mara nyingi haileti maneno. Huingia picha tu ya skrini yenye maandishi mekundu, na chini yake: "Fundi, imekataa." Nahudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo, nyingi za mawakala wa forodha, kuanzia Shimanzi hadi Moi Avenue. Watu huiona kazi hii kuwa ya kubonyeza vitufe na kuvuta nyaya. Sehemu yake kubwa ni kusoma picha ambayo haikukusudiwa kueleza chochote, kisha kuuliza swali litakaloleta kile kilichokosekana.

Saa mbili na robo. Printa iliyokwama karatasi Bondeni, na karani aliyesahau nywila. Zote zimekwisha kabla mahamri hayajapoa.

Saa tatu na dakika kumi. Inaingia picha ya dada mmoja wa ofisi ya klering. Ameipiga kwa simu, taa ya dari inang'aa katikati ya kioo, na ameikaribia skrini mno. Kichwa cha ukurasa kimekatwa, na chini pia pamekatwa. Kinachosomeka ni mstari mmoja tu:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Anataka kuingia kwenye tovuti ya kampuni moja ya meli achukue idhini ya kutolea kontena. Dereva yuko getini, na kila siku kontena inayolala bandarini baada ya siku za bure ina gharama yake. Kwa hiyo naelewa kwa nini picha imefuatwa na ujumbe wa sauti mara tatu, na kwa nini bosi wake naye ameituma picha ileile, ikiwa na ukungu zaidi.

Kabla sijaandika neno, naisoma. Kila tovuti salama hukionyesha kivinjari cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa ndiyo saa iliyo nayo. Mstari huu unasema kwamba pande hizo mbili hazikubaliani. Hausemi ni ipi iliyokosea. Labda kompyuta ya dada imepotea tarehe, labda mwenye tovuti ameacha cheti chake kikaisha muda. Tiba ya la kwanza iko mezani kwa dada. La pili liko mikononi mwa watu wengine kabisa, na dada akigusa mipangilio yake atajiharibia bure.

Mstari huohuo unanipa na jambo la pili, ambalo wengi hulipita: mtandao unafanya kazi. Cheti hakiwezi kusomwa kama hakijafika. Kwa hiyo ruta haina kosa, waya hauna kosa, jina la tovuti limepatikana. Nasikia kwenye ujumbe wa sauti kwamba ruta imeshazimwa na kuwashwa mara mbili, ofisi nzima ikasimama. Namwambia aiache.

Picha ina dalili nyingine ndogo. Ukingo mnene wa kioo na kibodi yenye waya vinaonyesha kompyuta ya mezani, si laputopu. Kompyuta ya mezani haina betri kubwa ndani. Ikizimwa ukutani usiku, saa yake hutunzwa na betri moja ya kidonge, CR2032 ya volti 3, iliyopachikwa kwenye bodi kuu. Na tatizo limeanza asubuhi, mashine ilipowashwa. Nikiongeza haya yote, naegemea upande wa saa. Lakini kuegemea si kujua, na kumwambia mtu abadilishe tarehe iliyo sawa ni kumtengenezea tatizo la pili.

Sasa maswali. "Ulifanya nini?" silitumii, kwa sababu mtu husikia lawama na hujibu "sijagusa kitu". "Internet ipo?" tayari nina jibu lake. Namwandikia hivi, moja baada ya jingine, nikingoja jibu:

"Dada, habari za asubuhi. Naomba picha ya skrini nzima, pembe zote nne zionekane, hata kona ya chini kulia penye saa. Rudi nyuma hatua moja na simu. Au bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, picha itajihifadhi kwenye Pictures, ndani ya Screenshots."

Jibu lake: "Saa iko sawa fundi, ni saa tatu na robo. Nisaidie, dereva anapiga kelele."

Hapa ndipo asubuhi huliwa. Nimeomba picha, nimepewa maoni. Simlaumu. Ameangalia kona, ameona 9:15, ukutani ni saa tatu na robo. Lakini kivinjari hakilinganishi saa na dakika peke yake, kinalinganisha siku, mwezi na mwaka. Na upau wa Windows ukipangwa uwe mwembamba, huonyesha saa bila tarehe.

"Sawa dada. Weka mshale wa mausi juu ya hiyo saa bila kubonyeza, kisha nisomee tarehe yote pamoja na mwaka. Na tovuti nyingine ulizozoea, zinafunguka?"

Kimya. Bosi anapiga, anataka nije na kompyuta nyingine. Namwomba dakika tano. Kisha: "Nyingine pia zimekataa. Za mwenzangu zinafunguka." Jibu hilo lina uzito. Cheti cha tovuti moja kinaweza kuisha, lakini vya tovuti zote haviishi asubuhi moja, tena kwenye mashine moja tu. Halafu inaingia picha kamili. Juu, pale palipokuwa pamekatwa, pameandikwa kwa herufi kubwa:

```
Your clock is behind
```

Na kona ya chini: Januari 1, 2019. Kivinjari kilikuwa kimeshamjibu tangu mwanzo, jibu likabaki nje ya picha. Mwenzake alipofungua ofisi alikuta saa imerudi nyuma, akarekebisha saa na dakika, mwaka akauacha.

Dada anauliza swali zuri: mbona kompyuta imewekwa ijipangie saa yenyewe? Imewekwa kweli. Lakini Windows iliyo peke yake, isiyo chini ya seva ya ofisi, ina kikomo cha kawaida cha sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo hukataa kuirekebisha, ikidhani pengine ni saa ya mtandaoni iliyokosea. Kwa hiyo tarehe huwekwa kwanza kwa mkono: bonyeza saa kwa kitufe cha kulia, chagua kurekebisha tarehe, zima ile ya kujipangia, weka mwaka, mwezi na siku, kisha iwashe tena. Baada ya hapo namfungulisha dirisha la amri kama msimamizi na kumwandikisha:

```
net start w32time
w32tm /resync
tzutil /g
```

Mstari wa kwanza huamsha huduma ya saa. Ukiambiwa tayari iko hai, endelea. Wa pili huilinganisha saa na ya mtandaoni. Wa tatu hutaja ukanda wa saa, na lazima ujibu `E. Africa Standard Time`. Huo siuruki kamwe. Kompyuta iliyobaki kwenye saa za Marekani Magharibi, kisha mtu akailazimisha ionyeshe saa ya Mombasa, ndani yake huwa mbele kwa saa 10 au 11. Tovuti nyingi zitafunguka, ila ile ambayo cheti chake kinaisha leo itakataa, na mtu atazunguka siku nzima kwa sababu saa na tarehe zote zinaonekana sawa.

Tovuti inafunguka. Dereva anapata karatasi yake. Ni saa nne kasoro.

Kati ya hapo na adhuhuri, kazi za kawaida. Joto la mchana la mji huu halimwachi mtu, na ngazi za majengo ya zamani ya Digo Road hazina huruma.

Mchana, sikuangalia saa ngapi, mstari uleule unaingia tena kutoka ofisi nyingine. `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Kishawishi cha kutuma tiba ya asubuhi ni kikubwa mwili ukichoka, na ndiyo maana huuliza hata nikidhani najua. Picha hii ina kichwa: Your connection is not private. Kivinjari hakikuilaumu saa. Kaka huyu namwomba jambo moja tu: abonyeze Advanced, apige picha tena. Hapo chini kuna sentensi mbili za thamani. Moja husema cheti kimeisha (expired) siku ngapi zilizopita, au kwamba ni cha siku zijazo (supposedly from). Nyingine huanza na "Your computer's clock is currently set to", ikifuatwa na tarehe ya kompyuta. Cheti cha siku zijazo mara nyingi ni kompyuta iliyorudi nyuma. Cheti kilichoisha huku tarehe ya kompyuta ikiwa ya leo ni kosa la mwenye tovuti.

Cheti chake kimeisha jana, tarehe ya kompyuta ni ya leo, tovuti nyingine zote zinafunguka, na simu yake kwa bando la simu inakataa tovuti hiyohiyo. Hapo sina cha kutengeneza ofisini kwake. Namwandikia ujumbe wa kumpelekea mwenye tovuti: jina la tovuti, tarehe ya kwisha kwa cheti, na kwamba tumejaribu mashine mbili kwenye mitandao miwili. Pia namsihi asibonyeze kile kiungo cha kuendelea kilichoandikwa unsafe, maana ni ukurasa wa kuweka nywila, na hakuna njia ya kuthibitisha nani yuko upande wa pili. Hapendi. Anataka fundi atengeneze. Nakaa naye kwenye simu mpaka aelewe, na hilo linachukua muda kuliko kazi yenyewe.

Jioni, kabla ya kuelekea feri, napitia kwa dada wa asubuhi na betri mpya, kwa sababu tarehe niliyoiweka itapotea tena swichi ya ukutani ikizimwa. Kwanza naingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuipiga picha kurasa zote, hasa ule unaoonyesha hali ya diski, AHCI au RAID. Betri ikitoka, mipangilio hiyo huweza kurudi ya kiwandani, na diski ikibadilishiwa hali Windows inaweza isiwake. Kisha nachomoa waya wa umeme, nabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza chaji iliyobaki, nabinya kibano, kidonge kinaruka. Mita inasoma volti 2.1, chini ya 2.7 hivi siirudishi. Mpya inaingia, upande wa alama ya kujumlisha juu. Narudisha mipangilio kama ilivyo kwenye picha, naweka tarehe, nawasha.

Usiku ataizima ukutani kama kawaida yake. Nimemwomba kesho, kabla ya kufungua chochote, anitumie picha ya skrini nzima.