Kwa nini niliacha viazi karai nikashika mabuyu

Kila niliyemuuliza nianze biashara gani ndogo baada ya kazi alinijibu, "Anza viazi karai, Mombasa hutakosa mla." Mla yupo, sawa. Lakini mimi natoka kazini saa kumi na mbili, na wanaouzia pale Mama Ngina mafuta yao huwa yameshachemka tangu alasiri. Na kiazi kilichobaki leo, kesho hakiuziki. Leso nazo, nikifika Biashara Street maduka yanafungwa.

Basi nikatafuta kitu cha kupika usiku, kisichoharibika upesi, ambacho picha yake kwenye status ya WhatsApp inatosha kumtia mtu hamu. Mabuyu.

Kilo moja ya mabuyu, nusu kilo ya sukari, kikombe kimoja cha maji, rangi nyekundu, iliki, chumvi kidogo na pilipili ya unga. Shida yote iko kwenye shira. Mara ya kwanza nilimwaga mabuyu sukari ilipoyeyuka tu. Yale maji yakaosha unga wote kwenye kokwa: chini ya sufuria uji mwekundu, juu kokwa tupu kama zimeshanyonywa. Jirani akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hujangoja uzi." Kumbe shira huachwa ichemke mpaka ukiibana tone lililopoa kidogo kati ya vidole viwili, inavutika uzi. Hapo ndipo unatia mabuyu, unapunguza moto na kugeuza bila kusimama hadi kila kokwa ivae.

Mara ya pili yalitoka mazuri, nikayafunga yangali na joto kwa haraka ya kulala. Asubuhi kifuniko kina matone ya maji kwa ndani, mabuyu yameshikana donge moja. Sasa nayatandaza kwenye sinia, nayatenganisha kwa uma na kuyaacha yapoe kabisa. Lakini siyalazi wazi usiku kucha, maana hewa ya pwani ina unyevu na sukari huunyonya.

Kilo hiyo hutoa vikopo 14 hivi vya gramu 100. Nauza hamsini, yaani mia saba. Mabuyu, sukari, viungo na vikopo vilinila kama mia tano, bila kuhesabu gesi. Faida ni mia mbili kasoro, si utajiri, ila ni ya jioni moja. Vikopo ndivyo vinavyouma. Waliovirudisha vikiwa safi niliwapunguzia shilingi tano.

Oda nafunga Jumatano, napika Alhamisi. Asiyelipa kabla, simpikii, hata akiwa shangazi. Pesa zinaingia Pochi la Biashara, niliyofungua kwa *334#, zisichanganyike na nauli yangu. Na meseji ya malipo siiamini mpaka niangalie salio: mmoja alinitumia ya kubandika, jina sahihi, kiasi sahihi, salio likabaki vilevile. Vikopo vyake vitatu nilivila mwenyewe.