Siku moja kwenye kliniki ya tiba shufaa: kumpokea mgonjwa asiyejua ameletwa wapi

Saa 1:30 asubuhi

Barua za rufaa husomwa kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya tiba shufaa. Tunatuliza maumivu, kichefuchefu, kupumua kwa shida na mahangaiko mengine ya watu wenye magonjwa mazito, na tunasaidiana na wanaowauguza nyumbani. Barua ya kwanza leo ina mstari mmoja na nusu: mzee wa miaka 74, saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani, maumivu makali ya nyonga, kwenu kwa huduma zaidi.

Natafuta mambo manne katika kila barua: ugonjwa umefika wapi, anatumia dawa gani na kwa kipimo gani, matibabu ya ugonjwa wenyewe yanaendelea au yamesimama, na mgonjwa ameambiwa nini. Matatu ya kwanza mara nyingi yapo. La nne hukosekana karibu kila mara, na ndilo litakaloamua mazungumzo yatakwendaje. Kwa hiyo nampigia simu aliyeandika na kuuliza: "Mzee anajua nini kuhusu ugonjwa wake, na mmemweleza nini kuhusu sisi?" Leo jibu ni kwamba anajua ana uvimbe, sindano zake za homoni zinaendelea, na kuhusu sisi ameambiwa tu aende chumba fulani akapewe dawa nyingine. Simu haikufika hata dakika tatu, lakini sasa najua pa kuanzia.

Saa 2:45

Napanga chumba. Viti vinne, kwa sababu mgonjwa wa rufaa ya kwanza haji peke yake, na ndugu aliyeachwa amesimama mlangoni ndiye atakayebeba nyumbani maelezo nusu nusu. Mezani sina faili lililofunguliwa. Mtu akiona unasoma habari zake kabla hujamsalimu, anaamini umeshapanga la kumwambia, na atanyamaza akisubiri.

Saa 3:00

Namfuata mzee kwenye benchi badala ya kumwita kwa sauti. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni heshima. Ya pili ni kwamba nataka kuona anavyoinuka na anavyotembea. Mtu ambaye saratani imeingia kwenye uti wa mgongo anaweza kuanza kuburuza miguu, kushindwa kukojoa au kupata ganzi sehemu za siri. Hizo ni dalili za uti wa mgongo kubanwa. Hapo hakuna maelezo ya huduma tena; anaonwa na daktari saa ile ile, kwa sababu miguu ikishapooza mara nyingi hairudi. Mzee huyu anachechemea kwa maumivu ya nyonga, lakini miguu ina nguvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Najitaja jina na kazi, naulizia safari, namwonyesha kiti chenye mikono ili asihangaike kuinuka. Kisha nauliza namba ya maumivu kwa sasa, kuanzia sifuri ambayo ni hakuna hadi kumi ambayo hayavumiliki. Anasema nane. Mtu mwenye maumivu ya nane hasikii maelezo. Daktari anakubali apewe mofini ya maji, miligramu 5, pale pale. Huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na muda huo unatosha kumsikiliza.

Swali linalofuata ndilo kubwa kuliko yote ya asubuhi: "Mzee, uliambiwa unakuja kwetu kufanya nini?"

"Sijui. Nimeambiwa nije tu."

Jibu hilo ni la kawaida, na kishawishi ni kuanza kueleza papo hapo. Kosa. "Sijui" mara nyingi lina dhana nyuma yake. Nauliza tena kwa upole: "Na wewe mwenyewe ulidhani ni nini?" Anamtazama binti yake, anavuta bahasha kubwa ya picha za eksirei, anasema, "Nilidhani mtanipima upya. Au basi kule wamenichoka."

Yote mawili yamejitokeza sasa. Bahasha yenyewe ilishasema: anayekuja na picha zote tangu mwanzo anategemea uchunguzi. Na "wamenichoka" ndiyo hofu ninayoikuta kwa wengi, kwamba rufaa maana yake ni kutupwa. Ningeanza na hotuba ya huduma zetu, hofu hiyo ingebaki chini, na yeye angeitikia "sawa, sawa" mpaka mlangoni. "Sawa" za haraka, kumtazama ndugu kabla ya kujibu, na kuuliza "majibu lini?" zote zinaonyesha kwamba maelezo hayajaingia.

Ndipo naeleza, kwa maneno machache yanayojibu alichosema yeye: "Mzee, hujaachwa. Sindano zako za homoni zinaendelea kule kule, na daktari wako ni yule yule. Sisi hatupimi uvimbe upya. Kazi yetu ni haya maumivu, usingizi, choo, na chochote kinachokusumbua wewe au wanaokuuguza. Utatibiwa kule na hapa kwa pamoja." Nanyamaza. Anauliza kama atalazwa. Hapana, atarudi nyumbani leo.

Kuna maneno siyatumii. "Hakuna la kufanya tena" si kweli, maana mengi yanafanyika. "Usijali, utapona" si kweli pia, na siku itakapobainika, hata kipimo cha dawa hataniamini.

Mzee anapokwenda msalani, binti ananong'ona: "Dada, tafadhali usimwambie ni saratani." Namjibu hivi: "Sitamlazimisha kusikia asichokiuliza. Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Wewe unaogopa nini kitatokea akijua?" Anasema atakata tamaa na kuacha kula. Namshukuru kwa kuniambia, kwa sababu hilo ni jambo la kulifanyia kazi. Kumkatalia papo hapo kungemfanya azuie ziara ijayo. Kukubali kungenifunga mdomo siku mzee atakapouliza. Mzee akirudi namuuliza yeye mwenyewe: "Unapenda kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa, au tuzungumze zaidi na binti?" Anasema leo dawa, mengine ziara ijayo. Naandika hivyo hivyo kwenye faili, kwa maneno yake.

Saa 3:45

Namba imeshuka hadi nne. Kwa mzee, huduma inaanza kueleweka hapa. Daktari anasimamisha tramadoli, dawa ya maumivu aliyokuja nayo, na kuandika mofini ya maji miligramu 5 kila saa nne. Chupa yetu ina miligramu 1 kwa kila mililita, hivyo ni mililita 5 kwa sirinji. Figo zake ni nzuri kwa kipimo cha karibuni. Zingekuwa zimechoka, au yeye angekuwa dhaifu sana, tungeanza na nusu yake na kuacha nafasi zaidi kati ya dozi.

Saa tunazipanga kwa siku yake: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, na 4 usiku. Dozi ya usiku ni mara mbili, mililita 10, ili asiamshwe saa 8 usiku. Pamoja nayo anaanza dawa ya kulainisha choo leo hii, si baada ya tumbo kufunga, kwa sababu mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu na tatizo hilo haliishi lenyewe. Usingizi mzito wa siku mbili tatu za mwanzo na kichefuchefu kwa kawaida hupungua. Binti anaelezwa cha kutazama: baba akiwa mgumu kuamka au akipumua polepole mno, dozi inayofuata isitolewe na tupigiwe simu mara moja.

Binti anauliza kama mofini ni ya watu wa mwisho. Namwambia inatolewa kwa ukubwa wa maumivu, haifuati muda uliobaki, na mifupa ikitulia kwa matibabu mengine, kama mionzi, kipimo kinaweza kushushwa. Swali hili huja karibu kila mara. Lisipojibiwa siku ya kwanza, chupa itawekwa kabatini ikisubiri "mambo yazidi", na mzee atarudi na ile ile nane.

Kabla hawajaondoka namuuliza mzee: "Mama akikuuliza nyumbani ulikwenda wapi, utamwambiaje?" Anafikiri kidogo. "Nimekwenda kwa watu wa maumivu. Sindano zangu zipo pale pale." Inatosha. Angesema "nimehamishiwa hospitali nyingine," tungerudi nyuma.

Saa 5:15

Mama wa makamo, saratani ya titi, bado yuko kwenye kemo. Ameletwa kwa kutapika na ganzi ya vidole. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba haujatua. Nilipouliza alidhani anakuja kufanya nini, alijibu, "Kemo imekatwa, si ndiyo?"

Hapa maelezo hayahitajiki kwanza. Nachukua kadi yake na kumwonyesha kwa kidole tarehe ya mzunguko ujao, imeandikwa, haijafutwa. Mkoba ukashuka chini. Watu wengi hudhani tiba shufaa huja baada ya kila kitu kushindikana, na baadhi ya wanaoandika rufaa hudhani hivyo pia. Utafiti mmoja uliochapishwa 2010 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa ulionyesha kwamba waliounganishwa na huduma hii mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, waliishi kwa nafuu zaidi, na muda wao wa kuishi ulikuwa mrefu zaidi. Simpi mama takwimu hizo leo. Kwake jambo ni kwamba kutapika kukitulizwa, ataweza kula na kuendelea na kemo.

Saa 7:30

Barua za kujibu rufaa. Kila moja ina aya fupi ya dawa, kisha mistari miwili ambayo zamani haikuwepo: mgonjwa alifika akidhani nini, na tumemweleza nini. Kwa mzee nimeandika: "Alidhani ameondolewa kwenu. Tumemhakikishia sindano zinaendelea. Tunaomba mthibitishe hilo kwa maneno yenu ziara ijayo." Mwishoni naongeza sentensi ambayo mwandishi wa rufaa anaweza kumwambia mgonjwa mwingine: "Nakupeleka kwa wenzangu wanaotuliza maumivu, mimi nabaki daktari wako." Wakiitumia, asubuhi yetu huanza mbele zaidi.

Saa 10:00 jioni

Simu za waliopokelewa kwa mara ya kwanza hupigwa siku ya pili, kwa hiyo leo nawapigia wa jana na kupanga ya mzee kwa kesho saa 5 asubuhi, baada ya dozi ya saa 4. Maswali yake yako tayari kwenye daftari: namba ya maumivu sasa, dozi zilizorukwa na kwa nini, alivyolala, choo, na kama kuna aliyemwambia aache dawa. Mara nyingi yupo, jirani au ndugu aliyesikia jina la mofini. Huyo naye nitaomba nipewe kwenye simu.