Nilivyopata kilele cha uga wa umeme wa leza kwa wembe na kipima nguvu

Kipima nguvu ya mwanga kinasoma nishati inayofika kila sekunde tu. Leza yangu ilisoma miliwati 5, yaani milijuli 5 kwa sekunde. Uga wa umeme ni lazima uukokotoe, na hapo ndipo eneo la mwale linapoharibu au kuokoa jibu.

Rula haifai, kwa sababu doa la leza halina ukingo; mwanga hufifia taratibu kutoka katikati. Nilifunga wembe kwenye kijukwaa chenye skrubu ya kusogezea, mbele ya kitambuzi. Kwanza niliziba leza, nikasoma mwanga wa chumba na kuutoa kwenye vipimo vyote. Kisha nilisogeza wembe polepole kuukata mwale. Nilitia alama pale nguvu iliposhuka hadi 84% (miliwati 4.2), kisha ilipofika 16% (miliwati 0.8). Kwa mwale wa umbo la Gauss, umbali kati ya alama hizo ndio nusu kipenyo w, mahali ukali, yaani nguvu kwa kila mita mraba, unapobaki takriban 13.5% ya ule wa katikati. Nilipata milimita 1.0. Wembe unang'aa na kurudisha mwale, kwa hiyo uinamishe kidogo kuelekea kizuizi cheusi, mbali na macho.

Ukali wa katikati ni mara mbili ya wastani wa P/πw²:

```
I = 2P/(πw²) = 2(0.005)/(π × 0.001²) ≈ 3180 W/m²
E0 = √(2I/(c·ε0)) = √(6370/0.002654) ≈ 1550 V/m
```

P ni nguvu ya leza na E0 ni kilele cha uga wa umeme. Namba 0.002654 ni zao la c, kasi ya mwanga, na ε0, kipenyezi cha umeme cha ombwe. Ile 2 ndani ya kipeuo inatokana na wastani wa sine mraba, ambao ni nusu. Ukiisahau unapata 1095, ambayo ni thamani ya rms, si kilele. Ukiweka kipenyo badala ya nusu kipenyo, ukali unapungua mara nne na E0 mara mbili. Jibu likitofautiana na lako kwa mara mbili kamili, nadhani hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Kisha nikageuza kitambuzi, chenye upana wa sentimita moja, kwa nyuzi 60. Usomaji haukupungua nusu, kama wengi wanavyotarajia, kwani doa lilitanuka tu na mwale wote ukabaki ndani. Nishati kwa sekunde ni ileile, ila kwa kila mita mraba ya uso imekuwa nusu. Kosaini hupunguza usomaji pale mwanga unapofunika kitambuzi chote, kama wa jua. (Kitambuzi chenye kioo mbele kitapoteza kidogo kwa mwakisiko pembe inapokua.)