Nilivyopita NCLEX baada ya kuacha kuhesabu maswali

Mimi ni nesi wa Mombasa, miaka sita kwenye wadi, na NCLEX-RN (ule mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani) nilianza kuusomea nikidhani ni vita vya idadi. Benki ya maswali niliyolipia ilikuwa na maswali karibu elfu mbili, nikajipangia 75 kila siku hata nikitoka naiti, na kwa wiki mbili hivi nikawa mtu wa kuangalia asilimia tu. Nikikosa naona rangi nyekundu, nasoma jibu sahihi, nasema "aa, kumbe", natambaa kwa linalofuata.

Nilipofika elfu na mia moja hivi nikarudia yale niliyokosa, nikapata 88 kwa mia, nikamwambia mume wangu mambo yako sawa. Kesho yake nikafanya mtihani wa majaribio wenye maswali mapya kabisa, 54. Nikakaa pale mezani na chai imepoa, sielewi. Halafu nikafungua tena yale ya marudio nikajichunguza, nikaona nikishasoma tu "mama wa miaka 68 mwenye kiharusi" mkono tayari uko kwenye jibu la tatu, swali lenyewe sijamaliza kusoma. Sikuwa nimejifunza unesi wowote pale, nilikuwa nimekariri sura za maswali.

Basi nikashusha idadi kutoka 75 hadi 30. Saa moja ya kujibu, na taima inakimbia, kisha saa mbili za kusoma maelezo, ya niliyopata na niliyokosa yote. Kila swali nikajilazimisha kusema kwa mdomo wangu kwa nini yale majibu matatu mengine si sahihi KABLA sijafungua maelezo. Hapo ndo niliona aibu, maana mengi niliyopata nilikuwa nimepata kwa kubahatisha tu.

Ngoja niwape swali moja la aina hiyo. Una wagonjwa wanne, unaenda kumuona nani kwanza? Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa mapafu, COPD, oksijeni yake inasoma 90%. Wa pili katolewa kidole tumbo jana, maumivu 8 kwa 10. Wa tatu kavunjika paja jana, sasa ameanza kuchanganyikiwa na kifuani katoka vidoa vidogo vyekundu. Wa nne ana kisukari, sukari 250.

Mimi nilikimbilia wa kwanza, maana ni pumzi, na tulifundishwa njia ya hewa na upumuaji mbele, na 90 inaonekana ndogo. Maelezo yakanieleza kwamba mgonjwa wa COPD huwa tunamlenga 88 hadi 92, kwa hiyo 90 yake ni hali yake ya kawaida, ameishi nayo. Maumivu ya siku moja baada ya opresheni yanatarajiwa, atapewa dawa. Sukari 250 inasubiri kidogo. Lakini wa paja, mafuta ya kwenye uboho wa mfupa mrefu uliovunjika yanaweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo, na hilo hujitokeza zaidi kati ya saa 24 na 72. Kuchanganyikiwa kupya pamoja na vile vidoa ndiyo alama yenyewe. Huyo ndiye anayekufa ukichelewa, na yeye pia shida yake ni pumzi, ila swali halijakuandikia neno pumzi mahali popote.

Kwenye daftari sikuandika "jibu ni la tatu". Niliandika: "Namba mbaya ya kawaida yake inasubiri, badiliko jipya haliisubiri saa." Sentensi moja tu, bila jina la ugonjwa. Sentensi hiyo imenijibia maswali ya figo, ya wajawazito, ya watoto, ambayo hayana uhusiano wowote na paja.

Pembeni ya kila kosa nikaweka herufi. S ni sikujua. H ni niliharakisha kusoma. K ni kwetu, yaani nimejibu kama tunavyofanya wadini kwetu. Baada ya wiki mbili nikahesabu, K zilikuwa nyingi kuliko S! Mimi nilikuwa najiona sijui dawa, kumbe mtihani unauliza hospitali ambayo sijawahi kufanya kazi ndani yake.

Mfano wa K ulioniuma: mgonjwa wa kiharusi ameletwa asubuhi hii, kazi gani unaweza kumpa msaidizi wa wauguzi? Nikachagua kumlisha. Si kwetu shangazi yake anakuja na chupa ya uji saa moja asubuhi na ndiye anamlisha, sisi tuko watu wawili kwa wagonjwa thelathini. Maelezo yakasema mgonjwa huyu hajapimwa kama anaweza kumeza, uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na msaidizi hapewi kazi inayohitaji kutathmini. Tathmini ya kwanza, kumfundisha mgonjwa, na kuamua kama matibabu yamefanya kazi, hizo unabaki nazo mwenyewe nesi. Msaidizi mpe mgonjwa ambaye hali yake imetulia na kazi ambayo matokeo yake yanajulikana. Nilipolikubali hilo, maswali ya kugawa kazi yakaacha kunitesa, ingawa moyoni bado naona hao walioyaandika waje wakae naiti moja na sisi.

K nyingine zilikuwa za lugha tu. Ile sukari 250 ni ya mg/dL, sisi tunasoma mmol/L, gawanya kwa 18 unapata karibu 14, sasa hiyo naielewa. Parasetamoli kwenye skrini inaitwa acetaminophen, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Joto wanaweka kwa Farenhaiti, 100.4 ndo 38 yetu. Hizi nilibandika kwenye mlango wa friji, mwanangu akazijua kabla yangu.

Na yale maswali ya kuchagua yote yanayofaa nilikuwa natia tiki kila kinachofanana na ukweli. Tangu Aprili 2023 mtihani ulipobadilishwa, unapewa alama kwa kila ulichopatia, ila katika aina hiyo kila tiki ya makosa inakukata moja, haishuki chini ya sifuri. Kwa hiyo nikaanza kusoma kila chaguo kama swali la ndiyo au hapana peke yake, na nisichoweza kukielezea sababu nakiacha.

Mwezi wa mwisho nikafanya majaribio mengine, maswali mapya, 67. Si namba ya kujisifia, ila H na K zilikuwa zimepungua sana, zilizobaki ni S, na S inatibika kwa kusoma.

Siku yenyewe kompyuta inaweza kukukatia kuanzia swali la 85 au ikakupeleka hadi 150, na kukatika mapema hakukuambii umepita au umeanguka. Yangu ilizima kwenye la 112. Mahali fulani kwenye tisini nilipata mzee mwenye namba za kutisha na kijana ambaye "amekuwa msumbufu tangu alfajiri", nikamchagua kijana bila hata kufikiri mara mbili. Kama nilipatia sijui, hawakuambii. Leseni ilitoka, na daftari langu sasa liko kwa mwenzangu wa wadi ya watoto, analalamika mwandiko, na tayari keshaongeza herufi yake mwenyewe, U, kwa maswali aliyokosa kwa usingizi.