Jina, na Kitendo Kando Yake

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilijiandaa kuwaandikia juu ya wale wakoma kumi, maana tumemtoa Baba mkwe wangu hospitalini hapa Kisumu baada ya majuma matatu ya kiharusi. Lakini Bwana amenipitisha njia nyingine, kwa barua ya nusu ukurasa iliyonihangaisha siku tatu.

Mama alitaka tuwaandikie wauguzi asante, tena kwa Kiingereza. Nikashangaa, kwa kuwa masista wale walikuwa wakiongea naye Kiswahili na Kijaluo. Akaniambia, "Mwanangu, faili yake yote imeandikwa Kizungu. Nataka na asante yetu ikae huko huko."

Kijana wa shemeji yangu akaandika ya kwanza. Ilijaa sifa kubwa kubwa, wauguzi wema, hodari, wenye bidii. Ungebadilisha neno moja ungempelekea fundi wa gari. Dua ya Mama, "Mungu awazidishie," aliigeuza neno kwa neno, ikasomeka kama tunawaombea wanenepe. Na pale Mama aliposimulia jinsi sista alivyokuwa akimwambia mzee "pole" kila akimgusa, kijana akaweka neno la Kiingereza la kuomba radhi. Sasa ikawa ni kama sista alimkosea mzee akatubu! Tukaliacha "pole" kama lilivyo. Wauguzi wa Kenya wanalijua.

Usiku ule nilifungua Warumi 16, ile sura tunayoirukaga kwa sababu ni majina matupu. Paulo hasemi "nawashukuru wote". Anamtaja Fibi, na kwamba amesaidia wengi, hata yeye mwenyewe. Anawataja Priska na Akila, walioweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Mariamu, aliyejitaabisha sana. Kila jina kati ya haya lina kitendo kando yake. Na Tertio, aliyeshika kalamu, anasalimu pia, jambo lililonifariji mimi mwandishi wa watu.

Basi nikamuuliza Mama: walifanya nini hasa? Akasema, "Walimgeuza."

Mtu asiyeweza kujigeuza, wapendwa, huoza akiwa hai. Uzito wake unabana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti. Huanzia kwenye visigino, nyonga, na pale chini ya mgongo. Sista mmoja alinionyesha: ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole. Ukipauka kisha ukarudi, bado una nafasi. Usipopauka, kidonda kimeshaanza. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo yeye alipapasa kwa mgongo wa mkono akitafuta joto au ugumu. Walimgeuza Baba kila saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Majuma matatu. Ametoka bila kidonda hata kimoja.

Na sasa niungame. Usiku wa nne nilimfokea sista huyo huyo. Ilikuwa saa tisa, Baba ndiyo kwanza amepata usingizi, naye akaja na mwenzake wakamwamsha kumgeuza. Nikamwambia hana huruma. Hakunijibu. Alimshika mzee bega na nyonga, akasema "pole mzee", akanyoosha shuka isiache mkunjo, akaenda kitanda kinachofuata.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Mungu peke yake amemponya Baba. Mkapiga makofi. Wapendwa, tuna tabia ya kumtumia Mungu kukwepa deni la shukrani kwa watu. Yule Msamaria kati ya wakoma kumi alimtukuza Mungu kwa sauti kuu, na bado alirudi kwa miguu yake hadi kwa aliyemponya. Sisi tunashuhudia madhabahuni na wodini hatukanyagi tena.

Barua ya mwisho ilikuwa na sentensi sita. Wodi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, majina ya kwanza kama tulivyoyasoma vifuani mwao, na zamu ya usiku ikitajwa wazi kwa sababu hakuna mgeni anayeiona. Ugonjwa hatukuutaja, wala namba ya faili, maana karatasi kama ile huenda ikabandikwa ukutani. Bahasha haikuwa na pesa. Mama alikataa asante yake ifanane na kitu kidogo. Nami nikaongeza sentensi moja ya kuomba msamaha, na hapo lile neno la Kiingereza la kijana likapata kazi yake.

Sista aliisoma akiwa amesimama kando ya kigari cha dawa. Alipofika penye mto chini ya miguu alisita, akarudia mstari ule. Kisha akauliza, "Na huko nyumbani, usiku nani anamgeuza?"

Nikamwambia ni mimi. Akataka kujua saa ngapi na saa ngapi.