Siku nne za kusahihisha karibu moja

Asubuhi hii dada mkuu wetu amesimama paredini, mbele ya watoto wa Kidato cha Kwanza walioripoti wiki iliyopita, akawakaribisha kwa Kifaransa. Hotuba yenyewe haikufika dakika mbili, lakini kuiandaa kumetuchukua alasiri nne, tukiwa wawili chini ya mti nyuma ya bwalo. Naandika usiku huu kabla sijasahau.

Wazo lilikuwa la kwake. Shule yetu ya hapa Arusha inafundisha Kifaransa kama somo la hiari, na yeye alitaka wageni wakisikie siku ya kwanza, kabla mtu hajawaambia kuwa ni kigumu. Mimi nilisita, kwa sababu wengi wao wametoka shule za msingi za Kiswahili na hata Kiingereza cha darasani bado kinawalemea. Tukakubaliana kwamba atasema sentensi fupi fupi, na kila baada ya sentensi mbili tatu ataeleza kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza aliniletea karatasi. Sentensi ya juu kabisa ilisema "Je vous bienvenue". Nilielewa mara moja ilikotoka. Kwetu karibu huzaa karibisha, nawe unasema nawakaribisha bila kufikiri. Kifaransa hakina kitenzi kinachotokana na bienvenue. Neno hilo ni nomino, na mtu hutakiwa huo ukaribisho kama anavyotakiwa safari njema: "Je vous souhaite la bienvenue", yaani nawatakia ukaribisho. Hapo bienvenue haibadiliki, hata uwe unamwambia mvulana mmoja au wasichana mia. Ukitaka kusema "karibuni" kwa namna ya "Soyez les bienvenus", hapo sasa ni sifa ya watu na lazima ifuate waliopo: wavulana na wasichana pamoja ni bienvenus, wasichana watupu ni bienvenues. Akaniuliza ipi ni salama kwa mtu anayeogopa kukosea mbele ya shule nzima. Nikamwambia ya kutakia. Akaichukua.

Sentensi iliyofuata ilikuwa na kosa ambalo sikulitegemea: "Je suis heureux d'être ici avec vous." Nina furaha kuwa nanyi hapa. Sarufi yake haina kasoro, ila msemaji ni mwanamume. Kumbe alikuwa amenakili hotuba ya kaka mkuu wa mwaka jana. Kiswahili hakimuulizi anayesema "nina furaha" kama ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo jicho letu halina mazoea ya kulitafuta kosa la namna hiyo. Msichana husema heureuse. Nilimpa njia nyepesi pia, neno ravi, ambalo msichana huliongezea e kwenye maandishi na likawa ravie, lakini masikioni ni lile lile. Kwa neno hilo hata angekosea tahajia kwenye karatasi yake, hakuna ambaye angesikia. Heureuse ni tofauti, kwa sababu inamalizika kwa mlio wa z na heureux haina mlio huo. Alifikiri kidogo akasema, "Mwalimu, mimi nataka ile inayosikika kuwa ni mimi." Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Cheo chake nacho kilitusumbua. Dada mkuu ukimtafsiri neno kwa neno unapata "grande sœur", na Mfaransa akisikia hivyo ataelewa dada wa kuzaliwa naye, aliyemtangulia. Kwa mwakilishi wa wanafunzi shule za Ufaransa wanasema délégué, wa kike déléguée, ambaye wenzake darasani wamempigia kura. Nilitaka tuweke déléguée tu tuendelee. Yeye akakataa kuiacha ile nyingine, akasema mtoto aliyelala bwenini usiku wa kwanza mbali na mama yake anahitaji dada kuliko mwakilishi. Basi sentensi ikawa: "Je suis votre déléguée, mais aussi votre grande sœur." Mimi ni mwakilishi wenu, lakini pia dada yenu mkubwa. Kwa maana hiyo haina kosa lolote, na sasa naona ndiyo sentensi bora ya hotuba nzima.

Alasiri mbili za mwisho zilikuwa za matamshi. Sisi tumezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, na hapo ndipo Kifaransa kinatunasa. "Chers nouveaux élèves", wapendwa wanafunzi wapya, alilianza kwa ch ya chai. Ch ya Kifaransa hapo ni sh ya shamba, na s ya mwisho hainenwi, hivyo linakuwa sher. Kisha nuvo, halafu elev, na katikati yake alikuwa anapumua. Pumzi hiyo ndiyo dalili ya kosa. Sifa ikitangulia nomino inayoanza kwa irabu, ile x iliyokuwa kimya inaamka na kuwa z, na maneno mawili yanatoka kama moja: nuvozelev. Vivyo hivyo "vous avez" ni vuzave. Nilimwambia ayaimbe bila kukata pumzi, na baada ya mara kama kumi z ikakaa mahali pake.

Alipoijua, akaanza kuunganisha kila kitu. Hotuba inamalizika kwa "Bienvenue à tous et à toutes", karibuni nyote, wa kiume na wa kike, naye akasoma "et à" kama eta. T ya et haiunganishwi kamwe. Hata neno tous lenyewe lina tabia mbili. Juu kwenye hotuba alikuwa na "au nom de tous les élèves", kwa niaba ya wanafunzi wote, na hapo tous limeshika nomino, hivyo ni tu bila s. Pale mwishoni limesimama lenyewe kwa maana ya nyote, na s yake inasikika: tus. Neno moja, karatasi moja, sauti mbili. Alichora duara kwa kalamu nyekundu kwenye s ya chini ili asichanganye.

Leo hakuchanganya. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu, watoto wameshika sweta zao mikononi, na sauti yake ilitetemeka kwenye sher tu kisha ikatulia. Alipofika kwenye grande sœur na kuieleza kwa Kiswahili, wasichana wa mstari wa mbele waliangaliana. Alisahau sentensi moja nzima, ile ya "Si vous avez une question, venez me voir", mkiwa na swali njooni kwangu, na niliumia kwa sababu vuzave yake ilikuwa imekaa vizuri sana jana.

Baada ya paredi nilikuwa nafuta ubao wa matangazo, ambako tulikuwa tumeandika ile sentensi ya mwisho kwa chaki ya rangi. Mvulana mdogo, sare yake bado ina mikunjo ya dukani, akasimama pembeni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, haya mawili yote yana s mwishoni," akaonyesha tous na toutes. "Dada ametaja ya kwanza, ya pili hakuitaja. Amekosea?"

Nikaweka dasta chini. Nikamwambia hajakosea, kwamba toutes inajulikana kwa t yake, tut, na s yake ni ya kuonyesha wingi kwenye maandishi tu. Akasema polepole, tus, tut, kisha akaniomba nisifute kwanza, akatoa daftari.