Siku moja maishani mwangu: usiku wa nesi aliyebadilisha zamu mno

Saa 1:30 usiku. Makabidhiano huanza nusu saa kabla ya zamu, kitanda kwa kitanda. Mimi ndiye kiongozi wa zamu, kwa hiyo kabla ya kushika faili lolote huitazama rosta nione nimepangiwa nani. Usiku huu yupo nesi mmoja mchapakazi ambaye hajui kukataa. Mwenzake akiwa na msiba, yeye atamshikia. Mwingine akiwa na mtihani, atamshikia pia. Mstari wake kwenye rosta ya mwezi huu umejaa kalamu nyekundu.

Nikausoma mstari ule polepole. Jumanne alipangiwa asubuhi, akabadilishana na kuingia mchana, akatoka saa 2 usiku. Jumatano aliingia saa 1 asubuhi kama alivyopangiwa, akatoka saa 8 mchana. Kisha akatoa zamu yake ya Alhamisi mchana na kuchukua usiku huu wa Jumatano. Fomu zote mbili zina saini halali. Tatizo ni kwamba fomu ya kubadilishana inaonyesha zamu mbili tu, inayotolewa na inayochukuliwa. Anayesaini haoni kwamba kabla ya usiku huu mtu huyo alikuwa wodini tangu asubuhi, wala kwamba kati ya zamu hiyo ya asubuhi na hii ya usiku kulikuwa na saa 6 tu.

Kati ya Jumanne usiku na Jumatano asubuhi zilikuwepo saa 11, na wengi huhesabu kwamba zinatosha. Lakini toa makabidhiano yaliyochelewa, safari ya kwenda na kurudi, kuoga na kula, na kitandani zinabaki saa 5 au 6. Leo mchana alijilaza, ila usingizi ukakataa. Ndivyo mwili ulivyo: mchana joto lake liko juu na ubongo unadai kukesha, hata macho yakiwaka kwa uchovu.

Saa 4 usiku. Aliamka saa 11 alfajiri, kwa hiyo sasa amekaa macho saa 17. Wataalamu wa usingizi waliwapima watu waliokesha kiasi hicho wakakuta wepesi wao wa kuitikia jambo umeshuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ndiyo kwanza tumefanya saa mbili za kazi, zimebaki tisa.

Kwa nje haonekani mlevi. Anatembea sawa, anaongea vizuri na wagonjwa. Dalili ziko kwenye mambo madogo. Anasoma jina kwenye chati, anaenda kabatini, anarudi kulisoma tena. Anaandika presha ya mgonjwa mmoja kwenye karatasi ya mwingine, anaifuta. Nikamwambia dawa zote za sindano usiku huu tutazihakiki wawili. Akaitikia, "Sawa, sista."

Hilo la dripu sikulitaja, kwa kuwa kwa desturi ya wodi nyingi maji ya kawaida hayahakikiwi na watu wawili.

Saa 8 usiku. Kahawa ya mwisho. Nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa 5 hivi baadaye, kwa hiyo anayeinywa saa 11 alfajiri anajiibia usingizi wa asubuhi.

Saa 9 usiku. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote, kati ya saa 9 na saa 11, joto la mwili linapofika chini kabisa. Kitanda cha dirishani amelala mzee mwenye moyo dhaifu. Hawezi kula vizuri, na daktari ameagiza mililita 500 za maji ziingie kwa saa 6, taratibu. Nesi akatundika chupa mpya.

Hesabu yake ni hii: mililita 500 mara matone 20, gawanya kwa dakika 360. Jibu ni matone 28 kwa dakika, yaani 7 kila sekunde 15. Hiyo 20 ni idadi ya matone yanayofanya mililita moja kwenye seti ya kawaida ya dripu, na imeandikwa kwenye pakiti. Lakini kitanda cha jirani kina seti ya matone madogo, 60 kwa mililita, na alikuwa ametoka kuirekebisha muda huohuo. Akaibeba ile 60 kichwani. Akapata 83 kwa dakika, akasimama na saa yake, akahesabu matone 21 kwa sekunde 15, akaridhika.

Ubongo uliochoka hufanya hivyo. Haukosi maarifa, unang'ang'ania namba ya mwisho uliyoitumia. Na sehemu inayopaswa kushtuka, ijiulize mbona matone yanakimbia hivi kwa mzee wa moyo, nayo imelala. Ndiyo maana kumwambia mtu "kuwa makini" hakusaidii kitu saa hiyo.

Saa 10 usiku. Kwenye chupa alikuwa amebandika plasta na kuandika saa kwa kalamu, kazi safi: 500 ni saa 9, chini yake saa 10, saa 11, hadi saa 3 asubuhi. Nilipopita na tochi, maji hayakuwa kwenye alama ya saa 10. Yalikuwa kwenye alama ya saa 12 asubuhi. Matone 83 kwenye seti ya 20 ni zaidi kidogo ya mililita 4 kwa dakika. Kwa saa moja zilikuwa zimeingia kama 250 badala ya 83, na chupa nzima ingeisha kwa saa mbili.

Mzee alikuwa ameanza kukohoa kikohozi chepesi, anapumua haraka kuliko alivyoandikwa saa 6 usiku. Tulifunga kidhibiti cha dripu tukaiacha kanula mahali pake, maana mshipa ungehitajika kwa dawa. Tukamkalisha, miguu ikining'inia. Tukapima oksijeni, mapigo, presha na upumuaji, kisha tukamwita daktari. Alisikia sauti za maji sehemu ya chini ya mapafu yote mawili, akaagiza furosemidi, dawa ya kukojoza maji ya ziada, kwenye mshipa. Tulihesabu mkojo kila saa. Kikohozi kilitulia kabla hakujapambazuka.

Nesi yule alitaka aendelee na kazi. Nilimtoa kwenye dawa kabisa, nikampeleka akalale dakika 25. Ukimwacha apitilize nusu saa anaweza kuzama kwenye usingizi mzito akaamka mzito zaidi. Alipoamka alikaa robo saa nyingine kabla ya kugusa mgonjwa.

Saa 1 asubuhi. Fomu ya tukio aliijaza mwenyewe: muda, kiasi, aina ya seti, saa alizokuwa macho. Hiyo ya mwisho haimo kwenye fomu, tuliiandika pembeni. Hatashika dripu peke yake mpaka apite tena jaribio la hesabu za dawa, na mzee amebaki kwenye uangalizi kwa siku ambayo hakuistahili. Nilimwomba asiendeshe gari, akaondoka na mwenzake.

Kabla hajatoka alifungua rosta na kufuta zamu mbili zaidi alizokuwa ameahidi kuwashikia wenzake wiki hiyo. Mmoja wao hakufurahi, nami nililazimika kumtafutia mtu mwingine.

Fomu ya kubadilishana nimeiongezea mistari miwili kwa kila jina: zamu iliyotangulia na zamu inayofuata. Ikiwa kati ya mojawapo na zamu inayochukuliwa kuna chini ya saa 11, sisaini, hata kama wote wawili wamekubaliana. Saa 11 kamili nasaini mara moja tu kwa wiki. Na rosta ya ukutani inarekebishwa siku ileile, kabla fomu nyingine haijapokelewa.